Kituo kimerudisha video kwa sababu ya viwango: tafuta chanzo kabla ya kuweka limita

Ripoti ya ukaguzi wa kiufundi ikirudi na maneno kama `luma out of range` au `RGB gamut error`, wengi hufanya jambo lile lile. Huweka limita juu ya taimlaini nzima, hutoa faili upya na kulituma. Mara nyingi faili hilo hupita, na hapo ndipo hatari ilipo. Limita hukata kilichovuka mpaka, lakini haijui kwa nini kimevuka. Ikiwa chanzo ni faili kusomwa kwa upeo usio wake, limita itafuta mawingu angani na nywele kivulini, kituo kitapokea, na watazamaji wataona picha iliyoungua juu na kuzama chini. Hakuna tena atakayeirudisha ili irekebishwe.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na katika kila dalili chanzo kinachotokea sana ndicho kinachotangulia. Ukaguzi mwepesi huja kwanza. Limita ina nafasi yake, nayo ni ya mwisho.

## Namba za kukumbuka kabla ya kugusa chochote

Video ya televisheni ya biti 8 huweka weusi kwenye namba 16 na weupe kwenye 235. Katika biti 10 ni 64 na 940. Huu ndio upeo finyu, na kwenye skopu, yaani grafu inayopima viwango vya picha, weusi wake husomeka 0% na weupe 100%. Kompyuta, picha za kamera za kawaida na baadhi ya simu hutumia upeo kamili: weusi kwenye 0, weupe kwenye 255.

Hakuna upeo ulio bora kuliko mwingine. Tatizo huanza pale namba zilizo ndani ya faili zinapokuwa za upeo mmoja, huku lebo ya faili, au programu inayolisoma, ikidai upeo mwingine. Makosa hayo yana alama zake, na alama hizo hazibadiliki kwa sababu ni hesabu tupu:

- Picha ya upeo kamili ikisomwa kama ya upeo finyu, weusi wake hushuka hadi karibu −7% na weupe hupanda hadi 109%.
- Picha ya upeo finyu ikidhaniwa kuwa ya upeo kamili, kisha ikabanwa tena, weusi huishia kwenye namba 30 na weupe kwenye 218. Kwenye skopu hiyo ni karibu 6% na 92%. Katika biti 10 namba hizo ni 119 na 869.

Ukiona −7 na 109, au 6 na 92, usiguse mwangaza wala kontrasti. Hilo si kosa la upigaji wala la kusahihisha rangi. Ni kosa la upeo, na tiba yake ni kubadilisha upeo.

Kuhusu mipaka yenyewe, pendekezo R 103 la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, huruhusu kila moja ya R, G na B kuwa kati ya −5% na 105%, na huvumilia pikseli zilizovuka mpaka zikiwa hazizidi 1% ya eneo la picha. Vituo vingine hubana zaidi, kwa mfano mwangaza usizidi 103% wala kushuka chini ya −1%, na vingine hutaka 0 hadi 100 kamili. Hati ya kituo unachokipelekea ndiyo sheria. Isome kabla ya kuanza, kwa sababu faili linalopita kituo kimoja laweza kukataliwa na kingine.

## Ukaguzi wa kwanza kwa dalili zote: kadi nusu nyeusi, nusu nyeupe

Ndani ya programu yako ya kuhariri, tengeneza fremu ambayo nusu yake ya kushoto ni nyeusi kabisa na ya kulia ni nyeupe kabisa. Iweke kwenye taimlaini kwa sekunde chache, kisha itoe kwa mipangilio ile ile unayotumia kutoa kipindi. Usiirudishe kwenye programu ile ile ili kuipima. Programu iliyokosea wakati wa kuandika inaweza kukosea vilevile wakati wa kusoma, makosa mawili yakafutana na skopu ikakuonyesha 0 na 100 safi. Soma namba zenyewe zilizo ndani ya faili kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi:

```
ffmpeg -i kadi.mov -vf "signalstats,metadata=mode=print:file=vipimo.txt" -an -f null -
```

Fungua `vipimo.txt` na utafute `YLOW` na `YHIGH`. Ya kwanza ni kiwango ambacho asilimia 10 ya pikseli ziko chini yake, ya pili ni kile ambacho asilimia 90 ziko chini yake. Kwa kadi hii zinakupa weusi na weupe bila kusumbuliwa na pikseli chache za mpakani, ambazo kodeki huzitikisa. Usitumie `YMIN` na `YMAX` hapa, maana pikseli moja tu iliyoruka hutosha kukupotosha.

Ukipata 16 na 235, au 64 na 940, njia yako ya kutoa faili ni salama na kosa liko kwenye malighafi au kwenye rangi. Ukipata 0 na 255, au 30 na 218, acha kila kitu kingine urekebishe mipangilio ya kutoa faili kwanza. Kipindi kizima kinapita kwenye mlango huo huo.

Kisha tazama lebo:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_range,color_space -of default=nw=1 kadi.mov
```

`color_range=tv` ni upeo finyu, `pc` ni upeo kamili. `unknown` maana yake lebo haikuandikwa, na mashine nyingi zitachukulia kuwa ni upeo finyu.

## Dalili: "Weusi umekuwa kijivu, picha nzima imepauka"

Ripoti huenda isitaje kosa lolote la mipaka, kwa sababu picha iliyobanwa mara mbili imo ndani ya mipaka kabisa. Anayeikataa ni mkaguzi wa macho. Kwenye skopu, hata shoti za usiku hazifiki sifuri, na hata taa inayoonekana ndani ya fremu haipiti 92%.

Chanzo cha kawaida kabisa ni klipu za upeo finyu zilizosomwa kama za upeo kamili. Katika DaVinci Resolve, fungua `Clip Attributes` utazame `Data Levels`. Ikiwa `Full` kwenye klipu ya kamera ya kawaida ya video, rudisha `Auto` au `Video`, na picha itafunguka papo hapo. Chanzo cha pili ni kwenye kutoa. Picha imetolewa katika hatua ya katikati, labda kwa mtu wa michoro au wa rangi, ikarudi na lebo iliyopotea, na programu ya mwisho ikaibana tena.

Kipo chanzo cha tatu, kisichotokea sana, ila kinadumu kwa sababu kimerithiwa. Mtu ameinua weusi hadi 7.5% kwa makusudi. Kiwango hicho kilikuwa cha mawimbi ya analogi ya NTSC, na katika faili la kidijitali hakina kazi. Ukikuta mpangilio wa zamani unaoinua weusi hivyo, uondoe. Alama yake ni kwamba weusi uko karibu 7 au 8 lakini weupe bado unafika 100, jambo ambalo kubanwa mara mbili hakufanyi.

Ikiwa umepewa faili moja tu lililokwisha kubanwa na malighafi haipatikani, linaweza kufunguliwa:

```
ffmpeg -i imebanwa.mov -vf "scale=in_range=limited:out_range=full,format=yuv422p10le,setrange=limited" -c:v prores_ks -profile:v 3 -color_range tv -c:a copy imefunguliwa.mov
```

Amri hii inaonekana kwenda kinyume, kwa kuwa inasema toleo ni la upeo kamili huku lebo ikisema `tv`. Hesabu yake ni sahihi: namba 30 inarudi 16, na 218 inarudi 235. Lakini angalia anga na kuta laini baada ya hapo. Faili la biti 8 lililobanwa na kunyooshwa limepoteza hatua za katikati, na mistari ya ngazi huonekana pale rangi inapobadilika taratibu. Mistari hiyo ikionekana, dai malighafi. Hakuna kichujio kitakachorudisha namba ambazo hazipo.

## Dalili: "Mwangaza umevuka juu na chini, kipindi kizima au klipu nzima"

Ripoti inaonyesha kosa kuanzia fremu ya kwanza ya klipu hadi ya mwisho, juu na chini kwa pamoja, na kilele kinakaribia 109%. Hili ndilo kosa ambalo limita hulificha vizuri kuliko mengine yote, kwa hiyo lichunguze kwa makini.

Anza na klipu zilizotoka kwenye simu, rekodi za skrini ya kompyuta, na video zilizotengenezwa kutokana na picha za JPEG. Hizi mara nyingi ni za upeo kamili kweli. `pix_fmt` ikisomeka `yuvj420p`, au `color_range` ikisomeka `pc`, faili limejitambulisha lenyewe na programu yako ndiyo iliyopuuza. Iambie klipu hiyo ni `Full`, au igeuze kabla ya kuiingiza:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf "scale=in_range=full:out_range=limited,format=yuv422p10le" -c:v prores_ks -profile:v 3 -color_range tv -c:a copy simu_finyu.mov
```

Klipu zote zikiwa safi na bado kipindi kizima kinavuka, rudi kwenye mipangilio ya kutoa. Katika Resolve, `Data Levels` kwenye ukurasa wa `Deliver` inaweza kuwa imebaki `Full` tangu kazi iliyopita. Kadi ya nusu kwa nusu itakuwa imekwisha kukuambia hivyo.

Chanzo cha nadra zaidi ni kinyume chake: namba ni sahihi, 16 hadi 235, ila lebo imeandikwa upeo kamili. Hapo usiguse picha hata kidogo. Kwa faili la H.264 lebo hubadilishwa bila kubana picha upya:

```
ffmpeg -i kipindi.mp4 -c copy -bsf:v h264_metadata=video_full_range_flag=0 kipindi_lebo.mp4
```

Amri hizi mbili za mwisho huchanganywa sana. Ya kwanza hubadilisha namba na kuandika lebo inayolingana nazo. Ya pili hubadilisha lebo peke yake. Ukitumia ya pili mahali pa ya kwanza, namba haramu zinabaki ndani, na sasa zina lebo inayodai ni halali. Kwa hiyo jiulize kwanza: kati ya namba na lebo, kipi ni kibaya? Kadi, au `YLOW` na `YHIGH` za fremu yenye weusi na weupe halisi, ndizo zinazojibu.

Na usizoee wazo kwamba namba za pembeni zitapita tu. Njia ya kebo ya SDI hutenga 0 na 255 za biti 8 kwa ajili ya mawimbi ya kupanga muda, kwa hiyo picha haiwezi kuzibeba kabisa.

## Dalili: "Weupe peke yake ndio umezidi, tena kwenye shoti za nje"

Weusi unakaa sifuri pake, lakini anga, shati jeupe au bati la paa linafika 105 hadi 109%. Kosa linakuja na kuondoka kwa shoti.

Hapa kamera haijakosea. Kamera nyingi za video hurekodi juu ya 235, hadi 255, ili kuhifadhi mwanga mkali. Wajibu wa kuushusha ni wa mhariri. Ukiigeuza klipu hii kana kwamba ni ya upeo kamili, utainua weusi ambao haukuwa na tatizo. Ukiiwekea limita ya kukata kwa 100%, mawingu yaliyorekodiwa kati ya 100 na 109 yatakuwa bapa moja jeupe, ingawa maelezo yake yapo kwenye faili.

Shusha sehemu ya juu tu kwa kurva. Weka nukta ya kushikilia karibu 80% ili nyuso na katikati ya picha zisisogee, kisha vuta ncha ya juu mpaka kilele cha mawimbi kikae 100% au chini yake kidogo. Mawingu yatabaki na umbo lake. Fanya hivyo kabla ya hatua yoyote inayoweza kukata viwango. Ukikuta kilele kimelala kama mstari ulionyooka hata baada ya kushushwa, kimeungua tangu kwenye kamera. Kushusha zaidi kutakupa kijivu tu, basi kiache weupe wake ndani ya mpaka.

## Dalili: "Mwangaza uko sawa, ila ripoti inalalamikia RGB"

Hii ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu skopu ya mwangaza iko safi. Video huhifadhiwa kama mwangaza mmoja na tofauti mbili za rangi, na kila moja ina mpaka wake. Lakini runinga hugeuza namba hizo tatu kuwa nyekundu, kijani na bluu kabla ya kuonyesha. Namba tatu, kila moja halali peke yake, zinaweza kuzaa nyekundu isiyowezekana.

Chukua mwimbaji jukwaani chini ya taa ya rangi ya machungwa, shoti ambayo tayari imeongezewa ukolezi wa rangi. Kwenye shati lake faili lina Y = 147, Cb = 72, Cr = 206. Zote ziko ndani ya mipaka ya biti 8: mwangaza kati ya 16 na 235, rangi kati ya 16 na 240. Kwa kanuni za BT.709:

```
y  = (147 - 16) / 219  =  0.598
cb = (72 - 128) / 224  = -0.250
cr = (206 - 128) / 224 =  0.348

R = y + 1.5748*cr              = 1.146
G = y - 0.1873*cb - 0.4681*cr  = 0.482
B = y + 1.8556*cb              = 0.134
```

Mwangaza ni karibu 60% tu, ilhali nyekundu imefika karibu 115%. Mpaka wa 105% umepitwa kwa mbali, na skopu ya mwangaza haiwezi kukuonyesha hilo kamwe. Unahitaji skopu inayopanga R, G na B kando kando.

Sasa kuna njia mbili za kuirudisha. Ukipunguza ukolezi wa rangi, unahitaji kubakisha karibu 82% yake ili nyekundu ifike 105%, au 73% ili ifike 100%. Ukishusha mwangaza badala yake, kutoka 60% hadi 50%, nyekundu inatua 105% bila kupoteza ukolezi. Kwa shati la jukwaani ningeshusha mwangaza kwanza, maana jicho huvumilia taa yenye giza kidogo kuliko rangi ya machungwa iliyochakaa. Kwa uso wa mtu ningefanya kinyume, kwa kuwa uso uliofifishwa mwangaza hutia mashaka mara moja. Vyovyote vile, chagua eneo la rangi hiyo peke yake. Kupunguza rangi ya shoti nzima kwa ajili ya shati ni kuwaadhibu wanakwaya wote nyuma yake.

Rangi nzito za gizani, hasa bluu ya taa za LED, huleta kosa la upande wa pili: R au G inashuka chini ya −5%. Hapo kuinua mwangaza kidogo au kupunguza ukolezi wa bluu hutosha.

Ikiwa kinacholalamikiwa ni mchoro, nembo au maandishi yaliyotengenezwa kwenye kompyuta, shuku upeo kabla ya rangi. Mchoro wa RGB wa 0 hadi 255 uliogeuzwa ipasavyo hauwezi kuzidi 100% kwa nguvu zake, kwa kuwa 255 yake ndiyo 100%. Nembo nyekundu inayosoma 109% haijakolea mno. Imeingizwa bila kugeuzwa.

Chanzo cha mwisho ni kanuni za rangi zisizolingana: klipu ya zamani ya BT.601 inasomwa kama BT.709, au kinyume chake. Nyekundu na kijani hubadilika sura kidogo, nyuso huonekana si zenyewe, na makosa madogo ya RGB hutokea mahali pasipotarajiwa. Tazama `color_space` kwenye lebo, urekebishe usomaji, kisha pima tena.

Tahadhari kuhusu kipimo chenyewe: `signalstats` ina hesabu iitwayo `BRNG`, inayohesabu pikseli zilizo nje ya upeo. Inafaa, lakini hukagua Y, Cb na Cr kila moja peke yake. Shati letu la machungwa lingepita humo bila kelele. Sifuri ya `BRNG` haimaanishi RGB ni salama.

## Dalili: "Ni pikseli chache tu, kwenye kingo za maandishi"

Kwenye taimlaini kila kitu ni halali, faili lililotolewa linashindwa. Ili uone pikseli zenyewe zilipo:

```
ffplay kipindi.mov -vf signalstats="out=brng:color=red"
```

Pikseli zilizovuka zitapakwa rangi nyekundu. Zikiwa zimezunguka maandishi meupe, kingo za majengo au matawi mbele ya anga, umekutana na mruko wa kingo.

Mara nyingi chanzo ni kuongeza ukali wa picha baada ya limita. Ukali hufanya kazi kwa kuinua upande mng'avu wa ukingo na kushusha upande wa giza, kwa hiyo huvuka mpaka kwa asili yake. Kinachofuata ni kubadilisha ukubwa wa picha wakati wa kutoa, kwa sababu kipimia ukubwa chenye makali nacho hurusha kingo. Cha tatu ni kodeki inayobana sana, ambayo huchora viwimbi vyake kandokando ya ukingo.

Tiba inafuata mpangilio huo. Weka ukali na ukubwa kabla ya limita. Tengeneza taimlaini kwa ukubwa ule ule wa faili la mwisho, ili pasiwe na kubadilisha wakati wa kutoa. Toa kwa kodeki nzito ambayo kituo kinaikubali, si kwa H.264 nyembamba. Punguza weupe wa maandishi hadi karibu 95%. Hakuna mtazamaji atakayegundua, na kingo zitapata nafasi ya kuruka bila kuvuka.

Hapa sasa limita inastahili. Iwe `Video Limiter` ya Premiere, `Broadcast Safe` ya Final Cut au nyingine, iweke ya mwisho kabisa kwenye mnyororo, juu ya kila safu pamoja na maandishi, na uipange chini kidogo ya mpaka wa kituo. Kama kituo kinaruhusu 103%, ipange 100%. Kabla ya kutoa, iwashe na kuizima huku ukitazama shoti ngumu. Ikiwa tofauti inaonekana kwa macho, limita inafanya kazi isiyo yake, na kuna chanzo hapo juu ambacho bado hujakigusa.

Ripoti inayosema pikseli chache chini ya 1% ya eneo huenda si ya kukataliwa kabisa. Soma kama imeandikwa onyo au kosa kabla ya kufungua upya kazi iliyokamilika.

## Ripoti yenye makosa mchanganyiko

Tuseme kipindi cha nusu saa kimerudi na mambo matatu: klipu ya simu yenye −7 na 109 kwa dakika moja na nusu, anga la 106% katika shoti nne za nje, na RGB 112% kwenye nembo ya kona kipindi kizima.

Nembo inatangulia. Iko kwenye kila fremu, na inachafua kipimo cha kila kitu kingine. Izime, upime tena. Kama kilele kilichobaki ni cha simu na anga tu, nembo ilikuwa kosa lake lenyewe, na kwa kuwa ni mchoro unaanza na upeo wake. Kisha badilisha upeo wa klipu ya simu, na hapo tu ndipo utazame rangi zake, maana kabla ya hapo ulikuwa ukitazama picha ya uongo. Anga linafuata kwa kurva, shoti kwa shoti. Limita inawekwa mwisho. Toa kwanza sehemu fupi yenye shoti zote tatu, uipime nje ya programu ya kuhariri, kisha ndipo utoe nusu saa nzima.

## Wakati wa kusimama na kumwita fundi

Simama ikiwa malighafi ni ya HDR, iwe PQ au HLG, na kituo kinataka SDR. Kuibana kwa kurva za kawaida kutakupa namba halali na nyuso mbovu. Hiyo ni kazi ya fundi wa rangi mwenye monita iliyopimwa.

Simama pia ikiwa kadi yako inatoka 16 na 235, klipu zote zimehakikiwa, na bado kituo kinaripoti kipindi kizima kimevuka. Huenda faili linageuzwa njiani, au mashine yao inasoma lebo kwa namna nyingine. Mpigie fundi wa kituo, mpelekee kadi ile ile ya sekunde chache, na umwombe akusomee namba anazoziona yeye. Mkilinganisha weusi na weupe wa kadi moja, mtajua kosa liko upande gani bila kubishana kuhusu picha.

Na usiendelee kugeuza upeo wa faili lile lile la mwisho mara baada ya mara. Kila mgeuzo wa biti 8 hupoteza hatua. Ikiwa mgeuzo mmoja haukutatua, rudi kwenye mradi wa uhariri. Kama mradi umepotea na kilichobaki ni faili lililokatwa na limita, mweleze mwenye kazi kabla ya kutuma, kwa sababu maelezo yaliyokatwa hayarudi kwa fundi yeyote.